Jina la Mafuta ya Nazi: Kutoka Maneno 30 hadi Majina 3
Maelezo kwa vikundi vya akina mama, vijana na wenye biashara ndogo ndogo



Kikundi kinapoanza kutengeneza bidhaa, jina mara nyingi hupatikana dakika za mwisho. Chupa zimenunuliwa, mafuta yamechujwa, na mtu wa kuchapisha lebo anauliza, "Niandike nini?" Mmoja anataja neno, wawili wanaitikia, na lebo 1,000 zinachapishwa siku hiyo hiyo. Baadaye msajili anajibu kwamba jina hilo linafanana na la mwingine. Lebo hizo haziwezi kufutwa. Kibali cha alama ya ubora kutoka KEBS nacho hutaja jina la chapa, kwa hiyo kubadilisha jina ni kurudi kwenye dawati ambalo kikundi kilidhani kimelimaliza.

Iko njia ya kuepuka hasara hiyo, na haihitaji mtu mwenye kipaji cha kutunga mashairi. Inahitaji karatasi, kalamu, alasiri mbili na watu wanaokijua Kiswahili chao. Kazi inagawanywa mara mbili. Kwanza majina yanazalishwa kwa wingi bila kuhukumiwa, kisha yanachujwa kwa mpangilio maalumu. Kazi hizi mbili zikichanganywa, mwenye sauti kubwa ndiye huchagua jina.

Mfano utakaotumika hapa ni wa kikundi cha Pwani chenye wanachama 15. Wanakuna nazi, wanakamua tui, wanaliacha mpaka mafuta yajitenge, kisha wanachuja bila kupika. Mafuta yao ni ya kupaka ngozi na nywele. Wateja wao ni akina mama wa mjini na maduka yanayouzia watalii. Sentensi hizo za mwisho huandikwa juu ya karatasi kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu ndizo zitakazotumika kuamua majina yatakapogombana.

Orodha tatu za maneno

Kikundi kinaandika orodha tatu, kila moja ikiwa na maneno 10. Orodha ya kwanza ni ya vitu, yaani bidhaa yenyewe na mahali inapotoka. Hapa wazee wana mali ambayo vijana hawana. Kijana ataandika "nazi" kisha atasita. Bibi yake atataja tunda hilo kwa kila umri wake: kidaka likiwa changa kabisa, kitale likianza kukua, dafu likiwa la kunywewa, koroma likianza kukomaa, halafu nazi. Ongeza mbata, tui, kifuu, kumbi na kuti, na kumi zimetimia.

Orodha ya pili ni ya vitendo, vya mtengenezaji na vya mtumiaji pia: kuna, kamua, chuja, paka, pamba, suka, nawiri, lainika, ng'aa na tunza. Ya tatu ni ya picha zinazokuja akilini mtu anapoyashika mafuta hayo: pwani, mwamba, umande, kivuli, kaskazi, kusi, tawi, mwana, asubuhi na wimbi. Orodha ya tatu ndiyo inayorukwa na vikundi vingi, kwa kuwa inaonekana kama mchezo. Mwisho wa zoezi itaonekana ni orodha gani iliyotoa majina yaliyobaki.

Sheria ya hatua hii ni kwamba hakuna neno linalokataliwa wala kuchekwa. Mwandishi wa kikundi anaandika kila linalotajwa. Neno ambalo peke yake halifai linaweza kuwa nusu nzuri ya jina jingine.

Viambishi vya mwanzo na vya mwisho

Kiswahili kina bahati hapa. Lugha yenyewe hujenga maneno kwa kuongeza kipande mwanzoni au mwishoni mwa shina, na kila kipande kina maana ambayo msikilizaji anaijua bila kufundishwa. Mwisho wa -o hutoa kitu au matokeo ya tendo: pamba ikawa pambo, suka ikawa msuko. M- mbele na -ji nyuma hutoa mtu anayefanya kazi hiyo kila siku, kama mkamuaji. U- hutoa hali au kazi, kama ulaini na upambaji. Ki- hutoa kifaa au kitu kidogo, ma- huonyesha wingi, na -ni huonyesha mahali, kama nyumbani na sokoni.

Kikundi kinachora jedwali. Vitendo 10 vinashuka upande wa kushoto na viambishi 6 vinapangwa juu, kisha kila chumba kinajazwa. Hayo ni majina 60 kwa saa moja. Mengine yatakuwa maneno ya kamusi, mengine hayajawahi kusikika duniani. Yote yanaandikwa.

Jedwali la pili linachukua vitu 10 na picha 10, na badala ya viambishi vya sarufi linatumia miisho isiyo na maana yoyote ila inapendeza sikioni: -na, -ra na -ri. Hapo ndipo yanapotoka majina kama Tuira, Dafuri, Mbatana na Kivulina. Mwisho wowote unaweza kujaribiwa, mradi uishie kwa vokali, kwa sababu sikio la Mswahili hupumzika kwenye vokali. Jina linaloishia kwa konsonanti hupachikwa vokali na wateja wenyewe, na kila mmoja hupachika yake.

Kikundi chenye kijana anayetumia kompyuta kinaweza kujaza majedwali yote mawili kwa dakika chache. Mashina yanaandikwa safu ya A kuanzia mstari wa pili, na viambishi mstari wa kwanza kuanzia safu ya B. Kwenye chumba cha B2 inaandikwa moja ya fomula hizi, kisha inavutwa kulia na chini. Ya juu ni ya miisho, ya chini ni ya viambishi vya mwanzo:

```
=$A2&B$1
=B$1&$A2
```

Kompyuta, hata hivyo, haijui Kiswahili. Haijui kwamba ki- ikikutana na vokali mara nyingi hugeuka ch-, kama katika chakula na chombo, wala kwamba m- mbele ya vokali huwa mw-. Itaandika "kiasubuhi" bila aibu. Tena, ili -o ikae vizuri, kitendo huandikwa bila vokali yake ya mwisho, pamb na suk, la sivyo itatoka "pambao". Mtu mzima anayeijua lugha lazima apitie kila safu akiwa na kalamu.

Atagundua jambo jingine. Vitendo vyenye asili ya Kiarabu havipendi -o. Safiri ilitupa safari, fikiri ikatupa fikra. Hakuna aliyesema "safiro". Kwa hiyo Nawiro, kutoka nawiri, linasikika geni. Hilo si kosa. Jina geni linalokaribia neno linalojulikana mara nyingi lina nguvu kuliko neno la kamusi, kwa sababu za kisheria zitakazoelezwa mbele. Basi libaki kwenye karatasi.

Kuunganisha maneno mawili

Njia ya tatu ni kuunganisha maneno mawili kuwa moja. Wakenya wameizoea bila kuijua. Nakumatt ilitokana na Nakuru na neno la Kiingereza la godoro, kwa kuwa ilianzia kwenye duka la magodoro mjini Nakuru. Safaricom ni safari iliyoshonwa kwa kipande cha neno la Kiingereza la mawasiliano. M-PESA ni herufi moja tu, inayosimamia simu ya mkononi kwa Kiingereza, ikatiwa mbele ya pesa.

Maneno mawili yakibandikwa tu huwa marefu: Kaskazidafu, Asubuhikuti. Muungano mzuri hupatikana pale ambapo mwisho wa neno moja unafanana na mwanzo wa jingine, kwa hiyo silabi moja inatumika mara mbili. Kikundi kinaandika maneno yote 30 kwenye vipande vya karatasi, vinatandazwa mezani, na watu wanavisogeza. Mwana na nazi zinakutana kwenye "na", linatoka Mwanazi. Mbata na tawi zinakutana kwenye "ta", linatoka Mbatawi. Mwamba na mbata zinakutana kwenye "mba", linatoka Mwambata. Umande na dafu zinakutana kwenye "d" peke yake, linatoka Umandafu. Pwani na nazi zinatoa Pwanazi.

Saa moja ya kusogeza karatasi inaweza kutoa miungano 20. Pamoja na majedwali mawili, kikundi sasa kina majina kama 140. Hapo karatasi zinakunjwa na watu wanakwenda nyumbani. Uchujaji usifanywe siku hiyo. Jina lililotungwa saa kumi jioni na mtu aliyechoka hupendwa na mwenyewe kuliko linavyostahili, na usiku mmoja hupunguza mapenzi hayo.

Mpangilio wa kuchuja

Vichujio vinapangwa kuanzia vya bure hadi vya kulipia. Kulipa ada ya kutafuta jina ambalo mtoto wa darasa la nne angeligundua lina maana mbaya ni kutupa pesa. Kwa hiyo mdomo huanza, maana hufuata, sheria ni ya tatu, na msajili ni wa mwisho.

Kichujio cha kwanza ni cha mdomo. Majina yote yanasomwa kwa sauti. Lenye silabi zaidi ya nne linaondoka, kwa kuwa wateja watalifupisha wapendavyo. Mkazo nao unasikilizwa. Katika Kiswahili mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiongeza mwisho mpya mkazo unahama. Kwenye dafu sauti inapanda kwenye "da". Kwenye Dafuri inahamia kwenye "fu", na dafu lenyewe halisikiki tena. Majina yenye ng' pia yanapata shida. Kitone kile cha juu hakikubaliwi kwenye anwani za tovuti, ambazo huruhusu herufi za kawaida, tarakimu na kistari tu, na kikiondolewa ng'aa inakuwa ngaa. Ndiyo maana safu nzima ya ng'aa, pamoja na uzuri wake wote, hufutwa mapema.

Majina yenye l na r pamoja yanatiliwa shaka. Wako wazungumzaji wengi nchini ambao kwao sauti hizo mbili ni moja, na jina moja litaandikwa kwa namna nne.

Kichujio cha pili ni cha maana, na hiki ndicho kinachoua majina mengi kuliko vyote. Hapa kamusi inawekwa mezani, na wazungumzaji wa lugha mbalimbali za eneo wanaitwa. Mfano wa nazi unaonyesha mitego ilivyo mingi. Kitale ni nazi changa, lakini Mkenya yeyote akisikia Kitale anafikiria mji wa Trans Nzoia. Koroma ni nazi inayokomaa, na pia ni kelele za aliyelala. Hakuna anayetaka kujipaka koroma. Kumbi ni ganda la nje la nazi, lakini pia ni wingi wa ukumbi, na mtu ataliona tangazo akidhani ni la mahali pa kufanyia harusi. Kuna ni kukwangua nazi, na pia ni "ipo". Paka ni tendo zuri la kupaka mafuta mpaka utie -ni mwishoni: Pakani, kwa paka. Laini kwa Wakenya wengi ni kadi ya simu.

Kisuko lilionekana jina zuri la mafuta ya nywele, kwa kuwa linatoka kwenye kusuka. Ila suka pia ni kutikisa, na sikio linakimbilia msukosuko. Chujo linasikika kama mchujo wa chama wakati wa uchaguzi. Tunzo, kutoka kwenye tunza, wengi watalisikia kama tuzo, wadhani ni zawadi ya mashindano. Kiambishi ki- kikiwekwa mbele ya tui kinatoa Kitui, nayo ni kaunti. Dafuri linamkumbusha msikilizaji wa habari eneo la Sudan ambalo jina lake limeandamana na vita kwa miaka mingi.

Mwambata lilikuwa linapendwa. Lina mwamba, lina mbata, lina mdundo. Aliyefungua kamusi ndiye aliyelizika: neno hilo tayari lipo. Mwambata ni ofisa wa ubalozi, kama vile mwambata wa kijeshi. Hakuna aliyelijua kikundini, lakini msomi wa kwanza mjini angelijua, na angecheka.

Kisha yanabaki majina yaliyo magumu kuyaacha. Mwanazi na Pwanazi yanaeleweka papo hapo, yanatamkika, na yanabeba bidhaa ndani yake. Kwa mteja wa Pwani hayana kasoro. Lakini sentensi zilizoandikwa juu ya karatasi zinasema kwamba sehemu ya wateja ni watalii. Mjerumani au Mwingereza anayesimama mbele ya rafu hasomi nazi kama tunda. Anasoma jina la chama cha Hitler, kwa herufi zile zile nne. Hatauliza maana, ataweka chupa chini. Hili linahusu kila bidhaa ya nazi inayolenga mgeni, na linahusu pia anayetarajia kuuza nje ya nchi au kutangaza mtandaoni. Kikundi kinachouzia soko la mtaani pekee kinaweza kubaki na Mwanazi bila wasiwasi. Kikundi cha mfano huu hakiwezi, hata kama wanachama 15 wote walilipigia makofi.

Sheria inasemaje

Kichujio cha tatu kinataka maelezo kidogo, kwa sababu wengi huchanganya usajili wa aina tatu. Cheti cha kikundi, kinachotolewa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kinakitambua kikundi. Usajili wa jina la biashara au kampuni, unaofanywa na Huduma ya Usajili wa Biashara kupitia eCitizen, unalitambua jina linalotumika kufanyia biashara. Wala cha kwanza wala cha pili havimpi mtu umiliki wa jina lililo kwenye chupa. Umiliki huo ni wa alama ya biashara, na husajiliwa na taasisi ya KIPI chini ya Sheria ya Alama za Biashara, Sura 506. Ukisajiliwa hudumu miaka 10 kuanzia tarehe ya maombi, na unaweza kuhuishwa tena na tena.

Sheria hiyo ndiyo inayofanya viambishi viwe na faida kubwa. Kwa kawaida haimruhusu mtu kujimilikisha neno linaloeleza bidhaa moja kwa moja, wala jina ambalo kwa maana yake ya kawaida ni la mahali. Sababu ni ya haki: mkamuaji mwingine naye lazima aweze kuandika "mafuta ya nazi" kwenye chupa yake, na mkazi mwingine aweze kusema mafuta yake yametoka Kilifi au Kwale. Kikundi kinachojiita "Mafuta Safi ya Nazi Pwani" kimechagua maneno matano, na hakuna hata moja kitakaloweza kumzuia jirani asilitumie. Neno lililotungwa, kama Mbatawi, halielezi chochote mpaka wateja walipe maana. Ndiyo maana linalindika.

Kuna mizani hapa. Jina la maelezo huuza tangu siku ya kwanza lakini halilindiki. La kutungwa hulindika lakini linahitaji kufundishwa. Njia ya kati ni jina la kutungwa kwa herufi kubwa, na chini yake, kwa herufi ndogo, maneno ya kawaida: mafuta ya nazi yasiyopikwa. Maneno hayo ya chini ni ya kila mtu, na hakuna ubaya.

Katika kichujio hiki yanaondolewa pia maneno yanayodokeza uhusiano na serikali, kama kaunti au taifa, kwa kuwa msajili anaweza kuyakataa pasipo idhini.

Kutafuta kabla ya kulipa

Ikiwa kikundi kilianza na majina 140, kufikia hapa yanaweza kubaki kumi au pungufu. Hatua inayofuata ni kutafuta bure. Kila jina linaandikwa kwenye mtandao na kwenye kurasa za kijamii, likiwa limeandikwa sawasawa na likiwa na makosa ya kawaida. Mtu mmoja anatumwa kwenye duka kubwa na daftari, anasimama mbele ya rafu ya mafuta ya ngozi na kuandika kila jina lililopo. Zoezi hili la rafu linapuuzwa, lakini linafundisha zaidi kuliko mtandao. Hapo ndipo kikundi kitakapoona kwamba nawiri ni neno linalopendwa sana na wauza urembo, na kwamba Nawiro litapotea katikati yao. Msajili haangalii kufanana kwa herufi zote tu. Anaangalia kama mnunuzi wa kawaida anaweza kuchanganyikiwa. Kubadilisha i kuwa o hakutoshi.

Kisha linafuata jaribio la simu. Watu watano wasio wa kikundi wanapigiwa, wanatajiwa jina mara moja, na wanaombwa waliandike na kulituma kwa ujumbe mfupi. Wanne wakiliandika sawa, limefaulu. Tuira huanguka hapa. Wengine wataandika Twira, wengine Tuila, na mmoja atajibu, "Umesema tuliza?" Umandafu linapita, ingawa wapo watakaoliandika Umandhafu. Mbatawi linapita kwa urahisi. Kivulina nalo linapita, na watu wanasema linawakumbusha kukaa chini ya mti wakati wa jua kali, jambo ambalo kikundi hakikuwa kimelifikiria kwa mafuta ya ngozi.

Majina 3 sasa yanapangwa kwa kupendelea: Mbatawi, Umandafu, Kivulina. Haya ni ya mfano tu. Anayetaka kuyatumia lazima naye ayatafute kwanza, kwa kuwa huenda yamechukuliwa kabla ya maelezo haya kusomwa.

Sasa ndipo ada inapolipwa. Utafutaji wa jina la biashara hufanywa kwenye eCitizen, na asiye na kompyuta anaweza kusaidiwa katika Kituo cha Huduma. Utafutaji wa alama ya biashara hufanywa KIPI, na hapo kikundi kitaulizwa daraja la bidhaa. Mafuta ya kupaka, sabuni na vipodozi viko daraja la 3. Mafuta ya kula yako daraja la 29. Tofauti hii inaweza kuokoa jina au kuliua. Kama kuna mtu anayeuza saruji kwa jina linalofanana, huenda kusiwe na mgogoro. Kama anauza losheni, mgogoro upo hata kama yuko kaunti nyingine. Nacho kikundi kinachofikiria siku moja kuuza mafuta hayo hayo ya kupikia kinapaswa kutafuta kwenye madaraja yote mawili tangu mwanzo.

Jibu likiwa zuri, maombi ya alama yanawasilishwa. Yakikubaliwa hutangazwa, na mtu yeyote ana siku 60 za kupinga. Wenye haraka huchapisha lebo katika muda huo. Aliye na subira huchapisha chache za kuanzia, kwa mashine ya kawaida ya ofisini, na kusubiri siku hizo zipite kabla ya kuagiza maelfu.

Jina la kwanza likikataliwa, kikundi hakirudi kwenye kikao cha kubuni. Kinashuka hadi la pili, ambalo limepita vichujio vile vile. Na zile karatasi za majedwali zinawekwa kwenye faili la katibu pamoja na kumbukumbu za mikutano, kila jina lililokatwa likiwa na sababu pembeni yake. Chicha zilizobaki baada ya kukamua zikigeuzwa sabuni ya kusugua mwaka ujao, bidhaa hiyo nayo itataka jina, na Kivulina litakuwa bado liko pale, limeshajaribiwa kwa simu, linangoja kutafutwa upya.